Umeahidiwa senti 35 kwa kila shilingi unayodai: ukubali ama kampuni ifungwe?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhasibu kwa kampuni ndogo ya kuuza vifungashio, na siku moja tukaletewa barua na mteja wetu mkubwa kuliko wote. Alikuwa amekwama. Barua ilisema hawezi kulipa deni lote, anaomba masaplaya wakubali senti 35 kwa kila shilingi, na hizo senti 35 zenyewe zilipwe pole pole kwa miaka minne. Bosi wangu alikasirika sana, akasema heri hio kampuni ifungwe, mashine ziuzwe, kila mtu achukue chake aende. Tukapiga kura ya kukataa, wengine pia wakakataa, kampuni ikafungwa, na sisi hatukuona hata shilingi moja. Kitu kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuna mtu pale ofisini, mimi nikiwemo, aliyeuliza: tukifunga, hicho "chetu" ni ngapi?

Swali hilo ndilo kila kitu kwa mambo haya. Mtu akidai shilingi 100 akaambiwa achukue 35, kichwa kinalinganisha 35 na 100, na hapo lazima uone umeibiwa. Lakini ile 100 haipo tena, ilishakwisha kitambo. Kinachotakiwa kulinganishwa ni 35 na kile ambacho ungepata kampuni ikiuzwa vipande vipande, na kwa foleni yako wewe, sio foleni ya benki. Kwa hivyo kuna thamani mbili za kujua. Ya kwanza ni thamani ya kufilisi, yaani mali ikiuzwa kwa haraka na mlango ukiwa umefungwa inaleta ngapi. Ya pili ni thamani ya biashara ikiendelea kutembea, yaani pesa ambazo hio hio mali ikifanya kazi pamoja, na watu wake na wateja wake, itazalisha miaka inayokuja. Hata sheria ya Kenya, Sheria ya Ufilisi ya 2015, imejengwa juu ya kulinganisha huku: kifungu cha 522 kinampa msimamizi wa kampuni iliyokwama kazi ya kuiokoa iendelee, ama kuwapatia wadai kwa jumla matokeo mazuri kuliko ambayo wangepata kampuni ikifilisiwa, na kama hayo yote hayawezekani basi auze mali alipe wenye dhamana na wale wanaotangulizwa na sheria.

Tuchukue mfano wa kutunga tuupige hesabu mpaka mwisho. Kampuni ya mikate, iko na kiwanja na jengo, mashine za kuoka, magari ya kusambaza, unga kwenye stoo, na madeni ambayo supamaketi hazijalipa. Kwenye vitabu vyake mali hio yote imeandikwa shilingi milioni 530. Madeni ni milioni 535: benki inadai 300, wafanyakazi na mtoza kodi 35, masaplaya wa unga, karatasi na mafuta wanadai 200. Ukiangalia haraka utasema mali na deni karibu zinalingana, kwa hivyo tukiuza kila mtu atalipwa. Hapo ndipo watu wengi wanaanguka, manake namba ya vitabu inakuambia kitu kilinunuliwa ngapi ukitoa uchakavu, haikuambii dalali atapata ngapi siku ya mnada.

Kiwanja ndicho kinachoshika bei. Ripoti za mavaluwa huku kwetu kawaida huwa na bei mbili, bei ya soko na bei ya kuuza kwa lazima, na hio ya pili mara nyingi huwekwa karibu robo tatu ya ile ya kwanza. Tuseme soko ni 200, mnada ni 150. Mashine za kuoka zimeandikwa 160, lakini nani anataka tanuri kubwa lililofungwa kwa saruji ndani ya jengo la mtu mwingine? Lazima alivunje, alibebe, alifunge upya, kwa hivyo atakupa 40. Magari yameandikwa 50, yatauzwa 25. Unga na karatasi zenye jina la kampuni, kutoka 30 inabaki 10, na hizo karatasi za jina hakuna mtu ana kazi nazo. Alafu yale madeni ya supamaketi ya 90, ambayo watu huyahesabu kama pesa taslimu, siku kampuni ikifungwa kila supamaketi inakumbuka mikate iliyorudishwa, punguzo walilokubaliana kwa mdomo, na mzigo ambao haukufika, ukibahatika unakusanya 45. Jumla yote ni 270. Toa dalali, wakili, mfilisi na askari wa kulinda geti, tuseme 25, zinabaki 245.

Kutoka 530 mpaka 245, na bado hatujagawa.

Sasa foleni. Benki iko na dhamana ya kiwanja, na pia iko na dhamana inayoelea, yaani ile inayoshika kila kitu kingine ambacho kampuni inacho siku ya kuanguka. Kiwanja kikiuzwa na gharama zake zikitolewa, benki inachukua 140 peke yake bila kuuliza mtu. Mali nyingine imebaki 105. Hapo wanaotangulia ni wafanyakazi kwa mishahara ya miezi ya mwisho pamoja na kodi fulani fulani, ile 35, imebaki 70. Sheria ya Kenya inaweka kando asilimia 20 ya mali iliyo chini ya dhamana inayoelea kwa ajili ya wadai wasio na dhamana, hio ni 14, na benki inachukua 56 iliyobaki. Kwa hivyo benki inaondoka na 196 kwa deni la 300, kama senti 65 kwa shilingi. Masaplaya wote pamoja wanagawana milioni 14 kwa deni la milioni 200. Hio ni senti 7. Na hata hizo senti 7 huzioni wiki ijayo, ufilisi unaenda mwaka, miaka miwili, kesi zikiingia zaidi, kwa hivyo kwa thamani ya pesa ya leo ni kama senti 5.

Hio senti 5 ndio sakafu yako. Bosi wangu alidhani sakafu yake ni 60 ama 70 juu alikuwa anaona mashine kubwa zikifanya kazi pale ndani. Mashine ilikuwepo kweli, lakini haikuwa yake.

Upande wa pili, biashara ikiendelea. Hapa mali haihesabiwi kabisa, zinahesabiwa pesa zinazoingia. Tuseme kampuni ikifunga njia mbili za usambazaji zinazokula hasara na kupunguza ofisi, basi baada ya kulipa unga, mafuta, mishahara, kodi na kuweka kando hela ya kubadilisha mashine zilizochoka, inabakisha milioni 80 kwa mwaka kabla ya kulipa deni lolote. Hilo neno la mwisho ni muhimu sana. Kampuni iliyokwama kwa sababu ya deni lakini mikate yenyewe inaleta faida ni mgonjwa anayetibika. Kampuni ambayo hata bila deni kila mkate unaouzwa unapoteza pesa, hio thamani yake ikiendelea iko chini ya thamani ya kufilisi, na kila wiki ikiendelea inakula pesa za wadai.

Milioni 80 kila mwaka ni sawa na ngapi leo? Inategemea anayeweka pesa anataka faida gani kwa hatari ya namna hii. Akitaka asilimia 20 kwa mwaka, unagawa 80 kwa 0.20 unapata 400. Toa 30 za pesa mpya za kununua unga, manake sasa hakuna saplaya atakopesha tena, na 20 za wataalamu, za kuwalipa wanaopunguzwa kazi na za kufunga zile njia mbili. Inabaki 350. Linganisha na 245. Tofauti ni 105, na hio 105 iko kwa sababu tanuri liko mahali pake, mwokaji anajua kazi yake, na duka la pale mtaani limezoea kupokea mkate saa kumi na moja asubuhi. Dalali hawezi kuuza vitu hivyo kwa mnada, siku mlango ukifungwa vinapotea na hakuna anayevichukua.

Lakini 350 ni namba ya mambo yakienda sawa. Yasipoenda sawa, kampuni inatembea mwaka mmoja, inatumia yale madeni ya supamaketi yaliyokusanywa, magari yanachoka zaidi, aliyeleta pesa mpya anatangulia kulipwa, na ikifungwa wakati huo badala ya 245 zinabaki tuseme 180. Ukiona nafasi ya kufaulu ni 60 kwa 100, hesabu ni 0.6 mara 350 kujumlisha 0.4 mara 180, ni 282. Bado iko juu ya 245, kwa hivyo kuendelea kuna maana. Na unaweza kuigeuza hio hesabu ujiulize, nafasi ikishuka mpaka wapi ndio kufunga kunakuwa afadhali? Kwa namba hizi ni kama 38 kwa 100. Mimi napenda kuiuliza hivyo kuliko kubishana kama mpango "utafaulu", juu hakuna anayejua, lakini watu wa biashara ya unga wanaweza kukaa chini wakasema kama nafasi iko juu ama chini ya 38.

Sasa turudi kwa ile ofa, senti 35 kwa miaka minne. Masaplaya wanadai 200, kwa hivyo wanaahidiwa 70, ni 17.5 kila mwaka. Kwa hio hio faida ya asilimia 20, pesa hizo leo ni kama 45, yaani senti 23 sio 35. Weka na nafasi ya 60 kwa 100, alafu ukumbuke kwamba mambo yakiharibika masaplaya wanabaki na karibu sifuri, unapata kama senti 14. Kwa hivyo ulinganisho wa kweli ulikuwa senti 14 dhidi ya senti 5. Inauma, lakini ni karibu mara tatu.

Je, wangeweza kuomba zaidi? Ndio, na hapa ndipo panapokuwa patamu, manake benki na saplaya hawaoni kitu kimoja. Kampuni ikifaulu, toa ile 35 ya wafanyakazi na kodi na 45 za masaplaya, benki inabaki na 270 badala ya 196. Ikianguka baada ya mwaka, kiwanja bado kinailetea 140 lakini zile mali nyingine zimeliwa, inapata kama 144. Yaani benki inaweka mezani 52 ambazo tayari ni zake ili ipate 74 za ziada. Saplaya yeye anaweka mezani 13 tu ili apate 31. Ndio maana kwenye mikutano ya wadai unakuta benki inasema funga mapema na masaplaya wanasema tusubiri, na watu wanadhani benki haina roho, kumbe ni kwamba hasara ya kusubiri inaliwa zaidi na yeye. Na dhamana ikiwa nono kabisa, tuseme kiwanja kingekuwa na bei ya mnada ya 320, benki haingekuwa na sababu yoyote ya kusubiri, ingelipwa yote leo na wengine wabaki na shida zao. Kwa hivyo kabla hujapiga kura angalia kwanza dhamana ya benki inafika wapi, hio peke yake itakuambia benki itasimama upande gani.

Nguvu ya saplaya nayo inatoka mahali tofauti na foleni. Kwa foleni tupu, kutoka ile 350 ukitoa 35 inabaki 315, benki ingeweza kusema naanza na 300 zangu, nyinyi chukueni 15. Lakini bila unga hakuna mkate, bila mkate hio 350 haipo, benki inarudi kwa 196. Mwenye unga ambao haupatikani kwa urahisi kwingine anaweza kudai zaidi ya senti 7, na benki itakubali kwa sababu inabaki na faida. Mwenye kuuza kitu ambacho kiko kwa kila duka hana nguvu hio, na ni vizuri akajijua mapema. Kati ya sakafu ya kila mmoja na ile 350 ndipo mazungumzo yote yanafanyika. Wenye hisa kwa sheria wako mwisho wa foleni na kwa namba hizi hawana kitu, kwa hivyo mpango unaowaachia kampuni nzima bila wao kuleta shilingi mpya, huo unawalipa kwa pesa zako.

Hii thamani ya kuendelea ina tabia moja mbaya, inayeyuka. Supamaketi ya Nakumatt ni mfano ambao wengi wetu tuliuona kwa macho. Ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, lakini majengo mengi yalikuwa ya kukodi na bidhaa za kwenye rafu zilikuwa za mkopo wa masaplaya, kwa hivyo vitu vya kuuza kwa mnada vilikuwa vichache ukilinganisha na deni. Thamani yake karibu yote ilikuwa kwa mahali pazuri, rafu zilizojaa na watu kuzoea kuingia pale. Mwaka 2017 rafu zikaanza kuwa tupu, wateja wakahama, wenye majengo wakaifukuza na nafasi zake zikachukuliwa na supamaketi nyingine. Msimamizi aliingia Januari 2018 na alikuta sehemu kubwa imeshayeyuka. Mwisho matawi sita yaliyobaki yaliuzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422, wakati deni lilikuwa zaidi ya bilioni 30, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Hata kama hio 422 yote ingegawiwa bila kutoa gharama yoyote, haifiki senti moja na nusu kwa shilingi.

Linganisha na ARM Cement, ambayo nayo iliwekwa chini ya usimamizi mwaka huo huo wa 2018, mwezi wa nane. Wenye hisa walipoteza kila kitu, lakini kiwanda cha saruji kimekaa karibu na chokaa yake, na ukikivunja ni chuma chakavu, ukikiacha mahali pake ni kiwanda. Wasimamizi waliuza biashara ya Kenya kwa National Cement mwaka 2019 kwa dola milioni 50, na ile ya Tanga, Maweni, ikaenda kwa Huaxin ya China. Ona kwamba kuuza biashara nzima nzima kwa mwenye pesa ni kuokoa thamani ya kuendelea bila kumwokoa mwenye kampuni, na wadai wengi husahau kwamba njia hio ipo, wanafikiri ni ama mmiliki abaki ama dalali aje. Sementi inaweza kungoja mnunuzi kwa miezi, supamaketi haiwezi kungoja hata wiki tatu bila maziwa kwenye friji. Kwa hivyo ukiambiwa "tupeni muda", jibu linategemea ni biashara ya aina gani.

Sasa jinsi ya kujua namba ulizoletewa zimepikwa. Anayetaka ukubali ofa atashusha thamani ya kufilisi ili senti zake zionekane tamu, na atapandisha ile ya kuendelea. Ile ya kufilisi ukague kwa kiwanja, ndio mali kubwa: omba ripoti ya valuwa yenye tarehe ya karibuni na uone bei zote mbili. Kama bei ya kufilisi iko chini sana ya robo tatu ya soko uliza kwa nini, manake hata Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 97, inambana anayeuza mali ya dhamana, akiuza kwa bei iliyo asilimia 25 ama zaidi chini ya soko inachukuliwa kwamba hakutafuta bei nzuri mpaka athibitishe vingine. Ile ya kuendelea ikague kwa mauzo. Mpango unaosema mwaka wa kwanza mauzo yatarudi kama zamani kabla ya shida, na masaplaya wenyewe sasa wanataka kulipwa taslimu, huo ni ndoto. Mimi naomba jedwali la pesa za kila wiki kwa wiki 13, zinazoingia na zinazotoka, alafu baada ya wiki nne narudi kulinganisha na akaunti ya benki. Kampuni inayokosea wiki ya pili kwa nusu nzima haiwezi kunieleza mwaka wa tatu.

Na ukikubali, usikubali senti peke yake. Sisi tungekuwa na akili siku ile tungeandika mambo matatu kwenye jibu: vifungashio vipya vinalipwa mzigo ukishuka getini, si mwezi ujao, wakikosa malipo mawili mfululizo deni letu lote la zamani linarudi likitolewa tulicholipwa, sio ile 35 peke yake, na biashara ikileta zaidi ya ilivyopangwa, kama ile milioni 80 ya mfano wetu wa mikate, sehemu ya ziada inakuja kwa wadai kabla mwenye kampuni hajajilipa chochote. Hilo la tatu linamaliza ubishi mwingi wa namba, manake mwenye kampuni anayejua kwamba itazalisha 120 huku kakuandikia 80, hapo atakataa, na utakuwa umejua.